Kulinganisha bei ya mbolea kwa kilo ya kirutubisho na kuitambua iliyochakachuliwa: mwongozo kwa wakulima wa Mwanza

Mkulima anayeingia katika duka la pembejeo Mwanza mjini, Misungwi au Sengerema mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikikaribia, hukuta mifuko ya kilo 50 imepangwa kwa aina, na kila aina ina bei yake. Swali la kwanza huwa ni mfuko unauzwa shilingi ngapi. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi, kwa sababu mifuko miwili yenye uzito uleule inaweza kupishana zaidi ya mara mbili katika kiasi cha chakula cha mimea kilichomo. Anachokihitaji mkulima ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu au salfa, na ndicho anachopaswa kukilinganishia bei. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupata bei ya kilo moja ya kirutubisho, kisha unaonyesha jinsi bei hiyo inavyomsaidia mnunuzi kuutilia shaka mfuko uliouzwa kwa bei ya chini kupita kiasi, na namna ya kuuchunguza mfuko huo kabla haujafika shambani.

Bei zote zilizomo humu ni za mfano. Bei halisi hubadilika kila msimu, na tangu msimu wa 2022/2023 zimeathiriwa pia na mpango wa ruzuku ya Serikali. Msomaji achukue hesabu na aweke ndani yake bei alizozikuta siku hiyo madukani.

Hatua ya kwanza: soma namba zilizo kwenye mfuko

Kila mfuko halali wa mbolea huandikwa asilimia ya virutubisho vyake. Mbolea zenye kirutubisho zaidi ya kimoja huandikwa namba tatu zilizotenganishwa kwa vistari, na mpangilio wake haubadiliki: ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosforasi, ya tatu ni potasiamu. DAP huandikwa 18-46-0, maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 kuna kilo 18 za naitrojeni na kilo 46 za fosforasi, na potasiamu haimo. Fosforasi na potasiamu huandikwa kwa kanuni za kikemia P2O5 na K2O, lakini kwa kuwa mifuko yote hufuata utaratibu huo, mlinganisho wa mfuko kwa mfuko hauharibiki.

Urea ina naitrojeni asilimia 46. SA ina naitrojeni asilimia 21 pamoja na salfa asilimia 24. CAN huwa na asilimia 26 au 27 kutegemea kiwanda, kwa hiyo hapo ni lazima kusoma mfuko wenyewe. Jina kubwa lililochapwa mbele ni jina la biashara tu. Mfuko ambao hauna asilimia popote haufai kuingizwa katika hesabu yoyote, na haufai kununuliwa.

Hatua ya pili: geuza asilimia kuwa kilo, kisha gawanya bei

Zidisha uzito wa mfuko kwa asilimia, kisha gawanya kwa 100. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa CAN ya asilimia 26 una kilo 13. Mfuko wa SA una kilo 10.5. Baada ya hapo gawanya bei ya mfuko kwa kilo hizo.

Tuchukue mkulima wa mahindi wa Sengerema ambaye, dukani Mwanza mjini, ameambiwa urea ni shilingi 75,000, CAN ni 62,000 na SA ni 48,000. Kwa macho, SA ndiyo rahisi kuliko zote. Lakini 75,000 ikigawanywa kwa 23, kilo ya naitrojeni katika urea inagharimu shilingi 3,261. Katika CAN, 62,000 kwa 13 ni shilingi 4,769. Katika SA, 48,000 kwa 10.5 ni shilingi 4,571. Mfuko uliokuwa ghali kuliko yote ndio unaouza naitrojeni kwa bei nafuu kuliko yote.

Sasa tuiweke hesabu hiyo katika ekari. Mkulima huyu ameshauriwa na afisa ugani kukuzia kwa mfuko mmoja wa urea kwa ekari, yaani kilo 23 za naitrojeni. Akitaka kilo hizohizo kutoka katika CAN, atahitaji mfuko mmoja na robo tatu na kidogo juu yake, na atalipa karibu shilingi 109,700 mahali pa 75,000. Tofauti ni shilingi 34,700 kwa ekari moja tu. Wakulima wengi hukwepa tofauti hiyo bila kujua kwa kununua mfuko mmoja wa CAN na kuumwaga katika ekari nzima. Fedha hubaki mfukoni, lakini mahindi yamepata naitrojeni zaidi kidogo ya nusu ya kiasi kilichoshauriwa.

Hatua ya tatu: ongeza nauli kabla ya kuamua

Bei ya dukani si bei ya shambani. Tuseme kuufikisha mfuko mmoja kijijini kunagharimu shilingi 3,000, mzigo ukivuka daraja la Kigongo–Busisi na kumaliziwa kwa bodaboda. Nauli hulipwa kwa mfuko, wala mwenye chombo hajali kilichomo, kwa hiyo mbolea yenye kirutubisho kidogo huumia zaidi. Naitrojeni ya urea inapanda hadi shilingi 3,391 kwa kilo, ongezeko la 130. Ya SA inapanda hadi 4,857, ongezeko la 286. Kwa mkulima wa Ukerewe, ambaye mzigo wake hupakiwa na kupakuliwa zaidi ya mara moja, ongezeko hilo huwa kubwa zaidi, na mbolea yenye asilimia kubwa huzidi kumfaa.

Wanaonunua kwa kilo nao wapige hesabu hii. Kilo moja ya urea ikipimwa kwa shilingi 2,000, ndani yake mna gramu 460 za naitrojeni, na kwa hiyo kilo ya naitrojeni imenunuliwa kwa shilingi 4,348, theluthi moja zaidi ya bei ya mfuko mzima. Zaidi ya hayo, mbolea iliyotolewa mfukoni na kupimwa kwa kopo haina lebo, wala hakuna njia ya kuthibitisha ilitoka wapi. Majirani wawili wakichanga na kugawana mfuko uliofungwa kiwandani, watalipa kidogo na watajua wanachokipata.

Hatua ya nne: mbolea yenye virutubisho viwili

DAP haiwezi kugawanywa kwa namba moja, kwa kuwa inauza vitu viwili kwa pamoja. Njia iliyo rahisi ni kukipa kirutubisho kimoja bei ambayo tayari unaijua, kukitoa katika bei ya mfuko, na kuona kilichobaki kinakigharimu kirutubisho cha pili kiasi gani.

Mfuko wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi. Tuseme unauzwa shilingi 92,000. Naitrojeni yake tunaipa bei ya urea: 9 mara 3,261 ni shilingi 29,349. Ukitoa katika 92,000, zinabaki 62,651, na ukigawanya kwa 23 unapata shilingi 2,724 kwa kilo ya fosforasi. Dukani pia kuna TSP yenye fosforasi asilimia 46 bila naitrojeni, kwa shilingi 80,000. Huko kilo ya fosforasi ni shilingi 3,478. Kwa bei hizi DAP ndiyo inayofaa kupandia, ingawa mfuko wake ni ghali kwa shilingi 12,000 zaidi. Bei zikigeuka msimu ujao, huenda jibu nalo likageuka, ndiyo maana inafaa kujifunza njia kuliko kukariri jibu.

Pale ambapo nafuu ya kilo haipaswi kuamua

Hesabu hii hulinganisha virutubisho, haiujui udongo. Yapo mambo matatu katika ukanda huu wa Ziwa ambayo mkulima ayazingatie, asiitegemee hesabu peke yake.

La kwanza ni mpunga. Katika majaruba yenye maji yaliyotuama, kama yale ya Magu na Kwimba, sehemu ya naitrojeni iliyomo katika CAN iko katika umbo la nitreti, na nitreti katika udongo uliojaa maji hugeuka kuwa gesi na kupotea hewani. Hata CAN ikishushwa bei, haifai kwa mpunga wa majaruba; urea na SA ndizo zinazofaa.

La pili ni urea yenyewe. Ikimwagwa juu ya udongo mkavu siku ya jua kali na kuachwa hivyo, sehemu yake hugeuka kuwa amonia na kuondoka. Asiye na nafasi ya kuifukia sentimita tano hivi chini ya udongo, au kuiweka wakati udongo una unyevu na mvua iko karibu, hana haki ya kuihesabia urea kilo zote 23.

La tatu ni salfa. Udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni hushika virutubisho kwa shida, na salfa inaweza kuwa ndiyo inayopungua. Ikiwa upimaji wa udongo umeonyesha hivyo, SA ihesabiwe upya: naitrojeni yake kwa bei ya urea ni shilingi 34,241, zinabaki 13,759 kwa kilo 12 za salfa, yaani shilingi 1,147 kwa kilo. Hapo SA iliyoonekana ghali inakuwa chaguo la maana. Ushauri wa udongo unaweza kuombwa kwa afisa ugani wa kata au katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, kilichoko Misungwi.

Hatua ya tano: pima ukubwa wa punguzo

Mkulima mwenye bei ya kilo ya kirutubisho kutoka katika maduka matatu tayari ana kipimo cha kutilia shaka. Maduka ya mji mmoja huchukua mzigo kwa wasambazaji wanaokaribiana, mbolea imesafiri kutoka bandarini Dar es Salaam kwa gharama zinazofanana, na faida ya muuzaji wa rejareja kwa mfuko si kubwa. Kwa hiyo tofauti ndogo, ya elfu mbili au tatu, ni ushindani wa kawaida. Punguzo linalofika robo ya bei haliwezi kutoka katika faida ya muuzaji. Lazima kuna kitu kingine kilichopunguzwa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza ni kitu gani.

Majibu ya halali yapo. Mbolea inaweza kuwa ya ruzuku. Inaweza kuwa imeganda kwa kukaa ghalani tangu msimu uliopita, au mfuko umechanika na umepungua uzito. Jibu la ruzuku linathibitika kwa urahisi, kwa kuwa mbolea ya ruzuku huuzwa na mawakala waliosajiliwa kwa mkulima aliyesajiliwa, na wakala huhitaji utambulisho wa mkulima huyo ili mauzo yaingie katika mfumo. Mtu anayeuza "mbolea ya ruzuku" mnadani, nyuma ya gari, bila kumwuliza mnunuzi namba yoyote, hana maelezo ya bei yake.

Tuchukue mfuko ulioandikwa urea unaouzwa mnadani kwa shilingi 55,000. Kwa maandishi yake, kilo ya naitrojeni ni shilingi 2,391, punguzo la zaidi ya robo. Sasa tukadirie kilichomo. Ikiwa mfuko huo umejazwa SA, ambayo nayo ni nyeupe, ndani mna kilo 10.5 tu za naitrojeni, na mkulima ameinunua kilo kwa shilingi 5,238. Ikiwa ni kilo 35 za urea ya kweli zilizochanganywa na kilo 15 za chumvi, naitrojeni ni kilo 16.1 na bei yake ni shilingi 3,416, bado ghali kuliko urea ya dukani, na chumvi imeingia shambani. Ili udanganyifu huu umpe muuzaji faida, haulazimiki kuwa mkubwa.

Hatua ya sita: kagua mfuko na upime uzito

Anza na mshono wa juu. Mfuko wa kiwandani hushonwa kwa mashine, mstari ulionyooka, wenye matundu yaliyopangika. Ukiona matundu matupu kandokando ya uzi, mfuko huo ulifunguliwa ukashonwa tena. Uzi wa mkono, au rangi ya uzi inayotofautiana na ya mifuko mingine ya shehena hiyohiyo, ni dalili ya kutosha ya kuukataa. Tazama pia kama mfuko wa plastiki wa ndani umefungwa sawasawa, na kama jina la mtengenezaji au mwagizaji, asilimia za virutubisho, uzito na namba ya shehena vimechapwa na vinasomeka. Ulinganishe na mfuko mwingine wa aina hiyo: herufi zilizofifia au tahajia iliyokosewa ni jambo la kulitilia maanani.

Kisha uombe mizani. Udanganyifu wa uzito ndio rahisi kuliko wote, kwa sababu hauhitaji kuchanganya chochote. Mtu huchomoa kilo chache katika kila mfuko na kuushona tena. Mfuko wa urea wenye kilo 45 ulionunuliwa kwa shilingi 75,000 una naitrojeni kilo 20.7, na kilo imepanda kutoka shilingi 3,261 hadi 3,623. Muuzaji mwaminifu hachukii mizani. Mizani ya kuning'iniza inayotumika kupimia pamba au samaki inatosha, mradi kwanza ijaribiwe kwa kitu chenye uzito unaojulikana.

Bei ya chini iwe sababu ya kuchunguza, na mwonekano mbaya vilevile usichukuliwe kuwa hukumu. Urea hufyonza unyevu wa hewa, na karibu na Ziwa, ghala lisilo na mbao chini ya mifuko huigandisha upesi. Utafiti uliofanyika mkoani Morogoro na kuchapishwa mwaka 2021 ulipima mamia ya sampuli za urea kutoka madukani na kukuta karibu zote zina naitrojeni inayotakiwa, ilhali wakulima wengi wa huko waliamini kuwa mbolea nyingi ni feki, na mabonge na uchafu wa macho ndivyo vilivyowatia shaka. Urea iliyoganda ikipondwa bado ni urea, na inaweza kuwa biashara nzuri ikiuzwa kwa punguzo. Kuiogopa mbolea yote kunamgharimu mkulima mavuno sawasawa na kudanganywa, kwa sababu anayeogopa hununua kidogo au haweki kabisa.

Hatua ya saba: vipimo vya nyumbani, na mipaka yake

Vipimo vifuatavyo huonyesha kama kilichomo ni kile kilichoandikwa. Haviwezi kutaja asilimia. Hiyo ni kazi ya maabara. Vifanywe nje ya nyumba, kwa vyombo visivyorudi jikoni, na kila mara viende sambamba na kiasi kidogo cha mbolea ya aina hiyo ambayo mna hakika nayo, kwa kuwa macho na mkono hukosea pasipo kitu cha kulinganisha.

Kipimo cha maji kinaifaa urea. Weka vijiko vitatu vya chakula katika nusu glasi ya maji na ukoroge. Urea huyeyuka yote ndani ya dakika chache na glasi hupoa waziwazi mkononi, kwa sababu inapoyeyuka hunyonya joto. Mchanga au mawe yaliyosagwa hubaki chini. Chumvi huyeyuka, lakini haipoozi glasi kwa kiasi hicho. Maji yakiwa na ukungu kidogo si kosa. Kipimo hiki kisitumiwe kuihukumu DAP au CAN: DAP huacha matope na rangi, na CAN ina unga wa chokaa usioyeyuka, na yote mawili ni ya kawaida.

Kipimo cha majivu huitenganisha urea na SA. Chukua kijiko cha mbolea iliyopondwa, changanya na kijiko cha majivu makavu ya kuni, dondosha maji kidogo, na upeperushe harufu kwa mkono kuelekea puani bila kuinamia chombo. SA, CAN na DAP hutoa harufu kali ya amonia papo hapo. Urea safi haitoi harufu hiyo mara moja. Kwa hiyo mfuko ulioandikwa urea ukinuka sana kwenye majivu, ndani mna mbolea nyingine ya bei ya chini. Na mfuko ulioandikwa DAP usiponuka kabisa, hauna naitrojeni inayodaiwa.

Kipimo cha kijiko cha moto hufichua chumvi. Weka punje chache tu za inayodaiwa kuwa urea katika kijiko cha chuma chenye mpini ulioshikwa kwa koleo, juu ya mkaa, nawe ukiwa upande unakotoka upepo. Urea huyeyuka haraka ikawa kama maji, kisha hutoa moshi wenye harufu ya amonia. Chumvi hupasuka kwa sauti na kubaki ngumu pale pale, na mchanga hubaki kama ulivyokuwa. Kipimo hiki kisifanywe kwa CAN wala kwa viuatilifu: nitreti huchochea moto, na moshi wa viuatilifu ni sumu.

Kwa CAN, kamulia ndimu juu ya kijiko kimoja cha mbolea hiyo. Chokaa iliyomo hutoa povu. Kama hakuna povu hata baada ya kuziponda punje, pana sababu ya kuuliza. Kuhusu rangi, DAP hutoka viwandani ikiwa ya kijivu, kahawia au nyeusi, na mbolea za kuchanganywa huwa na punje za rangi mbalimbali. Rangi peke yake haithibitishi chochote.

Hatua ya nane: risiti, sampuli na taarifa

Risiti iandikwe aina ya mbolea, idadi ya mifuko, uzito na, ikiwezekana, namba ya shehena. Risiti iliyoandikwa "pembejeo" na jumla ya fedha haimsaidii mkulima anapolalamika. Kabla ya kuweka mbolea shambani, chota nusu kilo kutoka sehemu mbalimbali za mfuko, uiweke katika chupa kavu inayofungika, na uihifadhi pamoja na lebo hadi mazao yatakapoonyesha hali yao.

Ukiwa na shaka yenye sababu, acha angalau mfuko mmoja bila kuufungua, kwa kuwa sampuli kutoka katika mfuko uliofungwa ina uzito zaidi kuliko ile iliyokaa nyumbani. Taarifa ipelekwe kwa afisa kilimo wa wilaya au kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, ambayo imepewa jukumu la kusajili wafanyabiashara wa mbolea na kukagua ubora. Picha za mfuko, mshono na risiti ziambatanishwe. Usitangaze jina la muuzaji kijijini kabla ya kipimo, maana huenda yeye mwenyewe aliuziwa mifuko iliyokwisha kushonwa upya.

Mbegu na viuatilifu

Viuatilifu hulinganishwa kwa hesabu ileile, ila badala ya kilo ya kirutubisho hutumika gramu ya kiambato hai. Chupa mbili za lita moja zenye kiambato kimoja, ya kwanza gramu 50 kwa lita kwa shilingi 18,000 na ya pili gramu 25 kwa lita kwa shilingi 12,000, zinauza gramu kwa shilingi 360 na 480. Ya bei ya chini ndiyo iliyo ghali. Chupa ambayo lakiri ya kifuniko imevunjwa, au ambayo lebo yake haina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka inayosimamia afya ya mimea na viuatilifu, irudishwe kaunta.

Mbegu hazina asilimia ya kugawanya. Hapo kinachotazamwa ni lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu; ikiwa na sehemu ya kukwangua, ikwanguliwe na namba yake ihakikiwe kwa simu kabla ya kulipa, kwa kufuata maelekezo yaliyochapwa juu yake. Mahindi ya chakula yaliyopakwa rangi huota vizuri, kwa hiyo kuotesha hakutoshi kuthibitisha kuwa mbegu ni chotara.

Mifuko mitupu ya mbolea nayo isiuzwe wala kutupwa ikiwa mizima. Anayechakachua huhitaji mfuko wa kweli, wenye jina la kweli, na huupata kwa wakulima. Mfuko uliochanwa kwa kisu katikati ya maandishi bado unafaa kuanikia dagaa au kubebea samadi, lakini haujazwi tena na kuuzwa.